Udenda, omena inayodondoka, na meno 14 ya nyuma

*Habari daktari. Nina paka dume wa miaka saba, anaitwa Simba, tuko Migosi hapa Kisumu. Tangu mwezi wa tatu anatokwa na udenda hadi kifua kinalowa, na mdomo unanuka vibaya. Anakimbilia sahani, anachukua omena moja, anapinda kichwa, halafu anaitema na kuifokea. Alikuwa kilo 4.1, sasa ni 3.2. Amedungwa sindano mara tatu, na kila mara anapata nafuu wiki tatu hivi kisha inarudi. Sasa daktari mwingine anasema ang'olewe meno yote ya nyuma. Si atakufa njaa? Na kwa nini sindano imeacha kufanya kazi?*

Hatakufa njaa. Anayekufa njaa ni paka mwenye meno yanayouma, na Simba tayari amepoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake akiwa na meno yake yote kinywani. Huyo daktari wa pili amekupa ushauri mzuri. Lakini kabla hujamkabidhi paka kuna mambo ya kumuuliza, kwa sababu kazi hii ikifanywa nusu huacha ugonjwa palepale ulipokuwa.

Hebu tuanze na hiyo omena anayoitema. Paka hatafuni kama mbuzi. Meno yake ya nyuma hupishana kama mkasi, hukata kipande mara mbili tatu, kisha kipande kinamezwa. Anayepinda kichwa upande mmoja anajaribu kukatia upande usiouma. Anapokosea, taya hufunguka lenyewe bila yeye kuamua, na chakula kinaanguka. Jino linalouma hivyo mara nyingi ni jino linaloyeyuka: seli za mwili wa paka mwenyewe, za aina ileile inayomaliza mizizi ya meno ya utotoni ili yang'oke, zinaanza kula jino la ukubwani. Huanzia kwenye mzizi, chini ya ufizi, mahali usipoweza kuona kitu. Zikipanda hadi shingo ya jino hufungua dentini, ile tabaka ya ndani yenye vijia vidogo sana vinavyoelekea kwenye neva. Tangu hapo kila kinachogusa pale, hata maji baridi, ni maumivu. Kinachoanzisha hizo seli hakijulikani mpaka leo. Si sukari, na si kutoboka kwa meno kama kwetu sisi, ndiyo maana kuziba hakusaidii: jino linaendelea kuliwa chini ya dawa ya kuzibia.

Udenda ni habari nyingine. Paka mzima hutengeneza mate mchana kutwa na kuyameza bila sisi kuona. Ili ameze lazima ulimi ubanwe kwenye kaakaa na shina lake lirudi nyuma, na harakati hiyo huvuta mikunjo miwili ya nyama laini iliyo nyuma kabisa ya kinywa, mmoja kila upande, pale taya zinapokutana. Mikunjo hiyo ikiwa imevimba, nyekundu, yenye vidonda vinavyotoa damu ukivigusa kidogo tu, kila mmezo unauma. Paka anaacha kumeza, na tezi za mate nazo huongeza mate kwa sababu ya maumivu hayohayo. Matokeo ni udenda mzito unaovutika, wakati mwingine wenye damu, na manyoya ya miguu ya mbele yanayogeuka rangi ya kahawia kwa kujipangusa. Paka wa namna hii hulia anapopiga miayo. Hiyo ndiyo stomatitisi: kinga ya mwili inayoshambulia kupita kiasi kile kitandazo cha bakteria kinachoota juu ya meno.

Kwa hiyo ishara za Simba zinaelekea pande mbili. Kupinda kichwa na kudondosha chakula huelekea zaidi kwenye jino moja au mawili yanayoyeyuka. Udenda wa miezi, harufu mbaya na kuifokea sahani huelekea kwenye stomatitisi. Hakuna cha kushangaza, maana magonjwa haya mawili hukutana mara nyingi katika kinywa kimoja. Shida ni kwamba matibabu yake hayafanani, na nitakuonyesha yanapogongana.

Kwanza, hakikisha hatukosei ugonjwa wenyewe. Ukanda wetu una kichaa cha mbwa, na paka yeyote anayetokwa na udenda ghafla, aliyebadilika tabia, ambaye taya limelegea au hawezi kunywa maji, na hajachanjwa, hashikwi. Afungiwe chumbani na daktari wa mifugo aitwe. Ukiumwa au ukikwaruzwa na paka kama huyo, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Simba ameugua miezi kadhaa na bado anakuja kula, na kichaa cha mbwa hakimpi mnyama miezi tangu ishara zianze. Humuua kwa siku chache. Udenda wa ghafla pamoja na kutetemeka ni sumu mpaka ithibitishwe vinginevyo, hasa kama kuna aliyempaka dawa ya viroboto ya mbwa au ya kupe wa ng'ombe. Na hapa ziwani usisahau mfupa wa samaki: paka anayekula mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, huweza kukwama mfupa katikati ya meno ya juu, akaanza kujikuna mdomo kwa makucha dakika hiyohiyo. Kwa paka mzee, uvimbe mgumu wa upande mmoja au chini ya ulimi huweza kuwa saratani. Daktari hukata kipande kidogo cha nyama hiyo na kukipeleka maabara kabla ya kung'oa chochote.

Nyumbani unaweza kuangalia kitu kimoja bila hatari. Subiri Simba awe ametulia, mshikie kichwa kutoka nyuma, kisha inua mdomo wa juu pembeni kwa kidole gumba bila kumfungua kinywa. Mwangaza wa simu unatosha. Fuata mstari ambapo jino linaingia kwenye ufizi. Ufizi wenye afya ni wa waridi na umekaa bapa. Shuka sasa kwenye taya la chini, kwenye jino la kwanza baada ya lile pengo lililo nyuma ya chonge. Hilo ndilo hupatwa kwanza mara nyingi zaidi. Ukiona kijinyama chekundu kimepanda juu ya jino na kukaa ndani yake, si ufizi uliovimba tu. Kinaziba shimo. Usikiguse. Daktari akikigusa kwa ncha ya kifaa, taya la paka hutetemeka hata akiwa usingizini kwa nusukaputi. Sehemu ya nyuma kabisa ya kinywa usijaribu kuiona mwenyewe, kwa kuwa kumfungua taya huvuta ile mikunjo, na utaumwa.

Sasa hizo sindano. Hujataja jina la dawa, lakini nafuu ya wiki tatu ina sahihi yake: karibu kila mara ni steroidi ya kukaa muda mrefu, pengine pamoja na antibiotiki. Steroidi inazima moto wa kinga, antibiotiki inapunguza bakteria, na paka anakula. Meno bado yapo. Uso wa jino uliosafishwa huanza kuota kitandazo kipya cha bakteria siku hiyohiyo, na dawa ikiisha mwilini kinga inakuta adui wake pale pale. Jino linaloyeyuka halijaguswa na sindano hata kidogo, limeendelea kuliwa wiki zote tatu. Ndiyo maana nafuu hupungua. Na sindano hizo zinarundika madhara: sukari kupanda hadi kisukari ni la kwanza la kuogopa kwa paka dume mtu mzima. Akianza kunywa maji mengi na kukojoa sana, pima sukari kabla ya jambo lingine lolote. Usikubali ya nne. Mpigie daktari wa kwanza, muulize jina la dawa na tarehe ya mwisho aliyomdunga, uandike. Daktari atakayempasua anahitaji taarifa hiyo kuliko hadithi yote iliyobaki.

Sababu mojawapo ni dawa ya maumivu. Meloksikamu ni dawa nzuri kwa kinywa kama hiki, lakini ikikutana na steroidi mwilini huweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Steroidi ya muda mfupi hupewa takriban wiki moja itoke. Ile ya muda mrefu huhitaji wiki kadhaa. Katikati hapo daktari atatumia dawa ya jamii nyingine. Muda ukifika, na figo zikiwa zimepimwa, kipimo cha kawaida cha kuendelea ni miligramu 0.05 kwa kila kilo kwa siku. Kwa kilo 3.2 hiyo ni miligramu 0.16, yaani mililita 0.32 ya dawa ya paka yenye miligramu 0.5 kwa mililita. Soma chupa. Dawa ya mbwa ina 1.5, kwa hiyo mililita ileile ni kipimo mara tatu. Ile ya ng'ombe inayokaa kwenye rafu ya agroveti huwa na miligramu 20 kwa mililita, na mililita 0.32 yake ni mara 40. Kosa la namna hiyo huweza kumuua paka. Panadol usimpe kabisa, hata kipande. Ini la paka halina njia ya kutosha ya kuondoa parasetamoli, damu yake inashindwa kubeba oksijeni, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Brufen na diklofenaki ziache kwenye kabati.

Tuje kwenye upasuaji. Nyuma ya chonge paka ana meno 14: manne kila upande juu, matatu kila upande chini. Yana mizizi zaidi ya 20, mingine myembamba kama sindano ya kushonea. Katika stomatitisi lengo ni kuondoa kila sehemu ambayo bakteria wanaota juu yake, pamoja na mizizi yote. Chonge na meno madogo ya mbele huachwa iwapo fizi zake ni safi; kama nazo zimewaka, yote yanatoka.

Hapa ndipo magonjwa mawili yanapogongana. Jino linaloyeyuka lina sura mbili kwenye eksirei. Katika sura ya kwanza mzizi bado ni mzizi, unaonekana wazi na mstari mwembamba mweusi unaoutenganisha na mfupa wa taya. Jino hilo hutolewa lote. Katika sura ya pili mzizi umeshageuka kuwa mfupa, mstari ule haupo, na ukijaribu kuung'oa unachimba taya lenyewe. Kwa paka mwenye ugonjwa huu peke yake, daktari huruhusiwa kukata kichwa cha jino usawa wa mfupa, kushona ufizi juu yake, na kuacha kilichobaki kimalizwe na mwili. Ni kazi ya dakika chache na paka anapona haraka. Lakini kwa paka mwenye stomatitisi ruhusa hiyo haipo. Kipande cha mzizi kilichobaki huendelea kuchokoza kinga, na miezi baadaye mwenye paka anaambiwa meno yalitolewa ila ugonjwa ni sugu, wakati ukweli ni kwamba meno hayakutolewa yote. Hata mzizi uliokwisha kugeuka mfupa, daktari anausaga kwa mashine kadiri picha inavyomwonyesha.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa daktari si bei. Ni hili: "Utapiga picha ya mizizi kabla, na tena ukimaliza?" Akisema haina haja, tafuta mwingine. Eksirei ya kawaida ya kichwa kizima huonyesha taya moja juu ya jingine na huficha vipande vidogo; inayofaa ni ile ndogo ya meno, inayowekwa ndani ya kinywa. Kwenye kliniki nyingi za wanyama huku magharibi mwa Kenya haipo, ila wapo madaktari wanaoshirikiana na daktari wa meno ya binadamu mwenye mashine ya kushika mkononi. Ikishindikana, kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete. Safari ni ndefu kwa paka mgonjwa, lakini ni bora kuliko kupasuliwa mara mbili.

Swali la pili ni jinsi atakavyoyatoa. Jino la mizizi miwili au mitatu halivutwi. Ufizi unafunuliwa, mfupa wa upande wa nje unapunguzwa kwa mashine inayopozwa na maji, jino linagawanywa ili kila mzizi usimame peke yake, na kila mmoja unalegezwa taratibu. Kisha kingo kali za mfupa husawazishwa na ufizi kushonwa kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Anayetumia nguvu ya koleo huvunja mizizi, na taya la chini la paka aliyekonda huweza kuvunjika nalo. Simba awe na mpira wa hewa kooni ili damu na maji visiingie mapafuni, na ganzi ipigwe kwenye neva za taya hata kama amelala. Ganzi hiyo ndiyo inayomfanya aamke bila kupiga kelele. Kama ni dhaifu sana, kazi huweza kugawanywa mara mbili, upande mmoja kwanza, mwingine baada ya wiki chache.

Kabla ya siku hiyo apimwe damu: figo, sukari, na kipimo cha haraka cha ukimwi wa paka na lukemia ya paka. Virusi hivyo haviambukizi binadamu. Akipatikana navyo, upasuaji haufutwi, ila matarajio yanashuka na kupona huchukua muda. Kirusi cha kalisi pia hupatikana sana katika vinywa hivi, hasa nyumba zenye paka wengi, lakini matibabu hayabadiliki kwa kujua kwamba kipo.

Mpaka apasuliwe, mlishe kwa namna isiyomlazimisha kukata. Osha omena mara kadhaa mchanga uishe, chemsha hadi ilainike kabisa, iponde na supu yake mpaka iwe uji mzito unaorambika. Usitie chumvi wala kitunguu; kitunguu huharibu damu ya paka. Mpe ikiwa ya uvuguvugu, kidogokidogo, mara tano au sita kwa siku, kwenye sahani bapa. Ukitumia chakula kikavu cha paka, kiloweke. Samaki mbichi asipewe, ana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Usimsugue mdomo kwa chumvi, ndimu wala dawa ya meno ya watu. Akipita siku mbili bila kula chochote, hiyo ni dharura, maana mafuta hujaa kwenye ini la paka aliyefunga hivyo. Mpeleke awekewe mpira wa kulishia kupitia shingoni, ambao huvumiliwa vizuri kuliko kusukumiwa chakula kwa bomba la sindano kwenye kinywa kinachowaka.

Baada ya upasuaji, wengi huanza kuramba chakula laini siku hiyo au kesho yake. Maumivu ya jino lililoyeyuka huisha pale pale, kwa hiyo kupinda kichwa ndiko utakakoona kukitoweka kwanza. Endelea na chakula laini wiki mbili, mfungie ndani, mpime uzito kila wiki kwa mizani ileile. Baadaye paka asiye na meno ya nyuma hula karibu kila kitu: ulimi wake una miiba inayokokota nyama, na vipande vidogo huvimeza vizima. Wengine hurudia hata chakula kikavu kwa hiari yao.

Udenda hauondoki kwa kasi hiyo. Ile mikunjo ya nyuma hupungua polepole, na haifai kutoa hukumu kabla ya miezi kadhaa. Karibu theluthi mbili ya paka hupona kabisa au hupata nafuu kubwa baada ya meno kutoka. Waliobaki huhitaji dawa, na hapo ndipo siklosporini, dawa inayotuliza kinga, au prednisoloni, steroidi ya kumeza, kwa kipimo kinachoshushwa hatua kwa hatua, hupata nafasi yake halali. Simba akibaki katika kundi hilo, usikubali aanzishiwe dawa hizo kabla ya pande zote nne za taya kupigwa picha upya, kutafuta kipande cha mzizi kilichosahaulika. Kikipatikana, kitolewe kwanza, apewe muda mwingine wa kupona, halafu ndipo mzungumze juu ya vidonge.